Hitipresi ipi ununue kwanza: fulana, vikombe na kofia za harusi na kampeni

Vijana wanaotaka kuanza kuchapa majina kwenye fulana hapa Morogoro karibu wote huja na picha moja kwenye simu: mashine ya "nane kwa moja", yenye sahani ya fulana, ya kofia, ya vikombe na ya sahani za kulia. Bei yake inavutia. Mimi naiweka ya mwisho kwenye orodha yangu, na ya kwanza naweka ile isiyo na mbwembwe: hitipresi bapa, yaani mashine ya kubandika chapa kwa joto, ya sentimita 38 kwa 38, inayofunguka na kufunga kama mdomo wa mamba.

Naipa nafasi hiyo kwa sababu ya DTF, yaani muundo unaochapwa kwenye filamu kisha kubandikwa kwenye nguo kwa joto. Zamani ukitaka kuchapa ilibidi uwe na printa yako, wino wako na mkasi wa kukatia vinaili. Siku hizi wenye mashine kubwa Dar wanakuchapia muundo kwenye filamu, tayari una unga wa gundi kwa nyuma, wanakuuzia kwa mita. Mimi natuma faili kwa WhatsApp leo, kesho naenda kuchukua bomba la karatasi kwenye basi pale Msamvu. Kazi yangu inabaki kukata na kubandika. Filamu hiyo inashika kwenye pamba na kwenye poliesta, fulana iwe nyeupe au nyeusi.

Kwa kawaida joto ni nyuzi 150 hadi 160 kwa sekunde 15 hivi. Bandika fulana tupu kwanza kwa sekunde 5 ili unyevu utoke, kisha weka filamu. Muulize aliyekuchapia kama filamu yake inabanduliwa ya moto au iliyopoa, maana ukibandua ya kupoa ikiwa bado moto, herufi zinakuja nayo. Mwisho funika karatasi ya tefloni ubandike tena sekunde chache. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayofanya chapa isianze kunyanyuka pembeni baada ya kufuliwa.

Dukani usilipe kabla mashine haijawashwa. Ipandishe hadi 160, subiri dakika kumi, kisha pima kwa kipimajoto cha mionzi katikati na kwenye kona zote nne. Namba inayosomeka kwenye kioo ni ya pale kitambuzi kilipo tu. Kona ikipungua kwa zaidi ya nyuzi 10, herufi za upande huo hazitashika, na utadhani tatizo ni filamu. Halafu chukua vipande vinne vya karatasi, weka kimoja kila kona, funga, uvute. Kinachotoka kirahisi kinakuonyesha upande usiokandamizwa.

Udhaifu wa mashine hii upo kwenye bawaba. Ukiweka kitu kinene, kama sweta yenye zipu, nyuma hubana kuliko mbele. Ile ya kuzungusha, ambayo sahani ya juu inasogea pembeni na kushuka wima, haina shida hiyo, wala mkono wako haupiti chini ya chuma cha moto. Naiweka ya pili. Ingekuwa ya kwanza kama isingehitaji meza kubwa na nafasi ya kuzungukia, na vibanda vyetu tunavijua.

Ya tatu ni mashine ya vikombe peke yake. Hapa DTF ya fulana haifai, unahitaji sablimesheni: wino unageuka mvuke kwa joto na kuingia ndani ya tabaka la poliesta. Kikombe cha kawaida cha sokoni hakina tabaka hilo, kwa hiyo picha itafutika kwa kucha. Nunua vilivyopakwa tayari kwa kazi hii. Karatasi lazima ichapwe maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Kikombe kinakaa kwenye nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika tatu hivi. Rangi ikitoka imepauka, joto au muda haukutosha. Ikitoka na kivuli, karatasi ilicheza, kaza utepe.

Sablimesheni hiyohiyo watu hujaribu kwenye fulana, na mimi ilinigharimu. Niliuziwa fulana nyeupe nikaambiwa ni poliesta tupu, zikapendeza, na baada ya kufuliwa mara moja majina yakawa kama ya penseli. Tangu siku hiyo nachomoa uzi mmoja kwenye pindo nauchoma. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu, pamba inaacha majivu na harufu ya karatasi iliyoungua.

Mashine ya kofia ni ya nne, kwa sababu oda zake huja kwa msimu. Sahani yake imepinda na ni ndogo, hivyo kaulimbiu ndefu haiingii. Ukinunua kofia tupu, chagua zisizo na mshono katikati ya paji. Herufi inayokaa juu ya mshono ndiyo hunyanyuka kwanza.

Sasa ile ya nane kwa moja. Ina chanzo kimoja cha umeme, kwa hiyo ukichapa vikombe fulana zinasubiri. Kubadilisha sahani ni kungoja ipoe, kufungua skrubu na kuunganisha plagi ndogo ya waya, na plagi hiyo ikilegea inaungua. Kwa mtu wa vikombe vitano kwa mwezi inatosha. Kwa harusi haitoshi, na hesabu ni hii.

Chukua oda ya kamati ya sendofu: fulana 40, kofia 20, vikombe 12. Filamu ina upana wa sentimita 60. Muundo wa kifuani wa sentimita 28 kwa 10 unakaa miwili kwa mstari, mistari 20, na kwa nafasi ya sentimita moja kati ya mistari unakula sentimita 220. Nembo za kofia za 9 kwa 5 zinakaa tano kwa mstari, mistari minne, sentimita 24. Jumla ni 244, agiza mita mbili na nusu. Vikombe unachapa vitatu kwa karatasi ya A4, kwa hiyo karatasi nne. Fulana moja, ukihesabu kunyoosha na kubandua, ni kama dakika mbili. Ukiwa na mashine ya kila kimoja, vikombe vinaiva huku unapanga fulana, na mchana mmoja unatosha. Chomeka mashine ya fulana moja kwa moja ukutani. Inakula wati 1,400 hadi 1,800, na waya mwembamba wa ekstensheni unapata moto mapema kuliko mashine.

Majina yaombe kwa maandishi, yawe yametumwa na mwenyekiti wa kamati mwenyewe. Mwanaheri na Mwanakheri ni watu wawili tofauti, na filamu haifutiki.

Kampeni ni habari nyingine. Fulana 1,000 kwa dakika mbili ni zaidi ya saa 33 za kusimama, na mgombea anazitaka keshokutwa. Oda ya namna hiyo nampa fundi wa skrini, ambaye akishatengeneza fremu moja anapitisha rangi haraka na kwa bei ndogo kwa kila fulana. Mimi nabaki na mawakala 30 wanaotaka kila mmoja jina lake mgongoni.