Rangi ya maji au ya mafuta: ipi ikae kwenye ukuta?

Kwenye ukuta wa lipu, ndani au nje, mimi nachagua rangi ya maji, ile emalshani. Maji yakikauka, gundi yake hushikana na kuacha utando unaoruhusu mvuke wa ukutani kutoka.

Rangi ya mafuta, yaani inameli, hukauka ikawa ngumu, yenye kung'aa, na haipitishi unyevu kirahisi. Kwa milango na mageti hakuna kama hiyo. Jikoni nayo inafutika vizuri, mradi ukuta umekauka kabisa. Ukiipaka kwenye lipu mbichi, unyevu unanaswa nyuma yake na malengelenge yanatokea, huku ukali wa saruji ukigeuza mafuta kuwa kitu kama sabuni. Hata ya maji, ipe lipu walau wiki 4.

Sasa bei. Ndoo ya bei chee huwa na unga mwingi wa chokaa na gundi kidogo, kwa hiyo jua na mvua huimaliza upesi. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, gundi imekwisha. Fundi akipaka juu ya unga huo bila kukwangua, kuosha na kupiga praima, hata rangi ya ghali itabanduka nao. Na usikubali ya ndani ipakwe nje eti imebaki; ya nje imetengenezwa kuhimili jua, mvua na kuvu.