Tangazo la karafuu: la mdomo na la maandishi

Mwenyekiti wa ushirika wetu huku Pemba katuma hivi kwenye grupu: "Asalaam alaykum jamani, gari la karafuu linakuja Ijumaa inshaallah baada ya sala, leteni zilokauka msije na mbichi tena, na vile vitabu msisahau, yale ya pesa tutazungumza."

Nikaliandika upya hivi:

"TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE. Karafuu kavu zitapokewa ghala la ushirika, Wete, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, saa 8:00 mchana. Mwanachama aje na kitabu chake. Karafuu ziwe zimetengwa na makonyo. Zisizokauka hazitapimwa. Mwenyekiti."

La kwanza lina utamu wake, mtu anaisikia sauti ya mzee wake, lakini "baada ya sala" ndo panapoharibika, huyu kaelewa sala ya Ijumaa yule kaelewa ya alasiri, basi nusu wanakuta gari lishaondoka na gunia liko kichwani. Na "zilokauka" kila mtu ana yake, mie ningeongeza na kipimo: vunja kijiti cha karafuu, kikikatika "ta!" imekauka, kikipinda rudisha jamvini. Unyevu ukibaki gunia linapata ukungu, na mbichi ikichanganywa na kavu inaziharibu zote.

Yale ya pesa nimeyatoa kabisa, hayo ni ajenda ya kikao, yana tangazo lake.

Salamu ningeirudisha juu, wetu bila salamu hawasomi.