ADM ya TOGAF kwa kampuni tanzu: mzunguko mmoja, au kila tanzu na wake?

Tuchukue kundi lenye tanzu Kenya, Tanzania na Uganda linalotaka kubadilisha ERP, yaani mfumo unaoendesha hesabu, bidhaa na mauzo. Lipitie awamu za ADM, hatua za TOGAF za kupanga usanifu wa kampuni na mifumo yake, mara moja kwa pamoja, au kila tanzu ipite peke yake?

Kwa gharama, mzunguko mmoja unashinda. Awamu B na C, za usanifu wa biashara na wa mifumo ya taarifa, hufanywa mara moja, na wote hukubaliana juu ya akaunti za leja na namba za bidhaa. Ugumu hujitokeza Awamu E, mapengo yanapokusanywa: ankara hupitia mfumo wa mamlaka ya kodi ya kila nchi, za Kenya eTIMS ya KRA, za Uganda EFRIS ya URA, za Tanzania VFD chini ya TRA. Nchi moja ikichelewa, zote husubiri.

Kwa usalama wa kuhama, mimi naegemea mizunguko ya tanzu. Uganda yaweza kutangulia, usanifu wa mpito ukiwaacha wengine kwenye mfumo wa zamani. Lakini hapo utahitaji kiunganishi cha muda cha kujumlisha hesabu za kundi kila mwezi. Mpango wa kuhama wa Awamu F ukikosa tarehe ya kukiondoa, kitabaki miaka.

Matunzo ni mepesi kwenye mzunguko mmoja, mradi Awamu G, inayosimamia utekelezaji, ikague kila tofauti inayoombwa na tanzu.

Tanzu zinazouziana bidhaa ziende pamoja. Zilizonunuliwa juzi, zenye biashara tofauti, zipewe mizunguko yao, ila leja iamuliwe kwanza na kampuni mama.