Bakuli la kumnunulia paka mwenye chunusi kidevuni

Chembe nyeusi zinazong'ang'ania kwenye kidevu cha paka mara nyingi ni chunusi: mafuta na ngozi iliyokufa vimeziba vitundu vya vinyweleo. Kabla hujatoa pesa, weka chembe chache kwenye pamba nyeupe iliyoloweshwa. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto na bakuli jipya halitasaidia.

Chaguo langu la kwanza ni kisahani cha stili isiyoshika kutu, kile kipana na kifupi, chenye kina cha sentimita 2 au 3, ili paka ale bila kusugua kidevu ukingoni. Stili haichubuki kirahisi na huvumilia maji ya moto. Nunua viwili, kimoja kikitumika kingine kioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Kisipooshwa kila siku, hata hiki hugeuka makao ya bakteria.

Cha pili ni kisahani cha kioo au cha kauri, na huhitaji duka la wanyama: kisosi cha kikombe cha chai kinatosha kabisa. Kipitishie kidole kwanza. Kauri iliyopasuka nyufa ndogo au kubanduka ung'avu wake iache dukani.

Plastiki naiweka mwisho. Chukua mfano wa paka anayelishwa ndani ya kopo la siagi la plastiki: meno na ulimi wake unaokwaruza huacha mikwaruzo, mafuta ya chakula yanaingia humo, na kila mlo kidevu kinarudi palepale. Mhamishie kwenye kisosi, kisha umpe wiki mbili hadi nne. Wapo ambao hawaponi kwa kubadilishiwa chombo tu, maana plastiki ni kichocheo kimojawapo.

Wakati huo, safisha kidevu. Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu loweka pamba, uishikilie kidevuni dakika chache mara moja au mbili kwa siku, halafu ukaushe. Chembe na vigaga vitalainika na kutoka vyenyewe. Usivikamue wala kuvibandua, kwa sababu bakteria watasukumwa ndani zaidi. Usinunue mafuta ya tea tree, Dettol, wala krimu za chunusi za binadamu. Paka hulamba, na mbili za kwanza ni sumu kwake.

Kidevu kikivimba, kikitoa usaha au damu, au paka akikataa chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani huenda akahitaji antibiotiki. Manyoya yakinyonyoka kwa mduara, au watu wa nyumbani wakianza kuwashwa ngozi, muombe akwangue ngozi apime utitiri na fangasi wa choa, ambao huambukiza binadamu.