Riwaya za Kugombea Kiti cha Enzi: Kabla ya Kulipa, Fungua Kurasa za Mwisho

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia akiwa amekasirika. Amenunua Fire & Blood, kile kitabu cha George R. R. Martin kuhusu ukoo wa Targaryen, kwa pesa zisizo haba, na amefika katikati akakwama. "Dada, huyu Aegon ni yupi sasa? Mbona amekufa na bado anatawala?" Nikamwomba anipigie picha kurasa za mwisho za nakala yake. Picha ilipofika niliona kila kitu. Shajara ya nasaba, ule mchoro unaoonyesha nani kamzaa nani, ilikuwa kama masizi. Majina ya upande wa ndani yamemezwa na gundi pale kurasa zinaposhikana, na zile namba ndogo zinazofuata majina zimevia hadi huwezi kutofautisha II na III. Katika hadithi hii, II na III ni maadui wa damu.

Malalamiko ya aina hii yananijia mara kwa mara, na karibu yote yanahusu nakala zilizonunuliwa hapa mjini. Kwa hiyo leo sizungumzii jalada, wala ukubwa wa herufi, wala kama hadithi inasisimua. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Nazungumzia shajara na viambatisho tu, kwa sababu katika riwaya za kurithi ufalme, ugomvi wote umo ndani ya mchoro ule. Ukiukosa, utaona watu wanachinjana bila kujua wanachinjana kwa nini.

Nambari moja: Fire & Blood, chapa ya HarperVoyager

Nasema wazi kwamba napendelea HarperVoyager. Ndio wanaomchapa Martin kwa soko la Uingereza, na nakala zao halisi nilizozishika zina nafasi ya kutosha pembeni, michoro ya Doug Wheatley inaonekana hadi mikunjo ya nguo, na shajara inasomeka bila kuvunja mgongo wa kitabu. Ukiwa na pesa za kitabu kimoja tu mwaka huu, nunua hiki, na ununue halisi.

Kwa nini shajara ni lazima hapa? Twende nayo polepole. Mfalme Jaehaerys wa Kwanza alikuwa na wana wawili waliofikia utu uzima wakiwa karibu na kiti: Aemon, mkubwa, na Baelon. Aemon akauawa mwaka wa 92 kwa kalenda yao, akaacha binti, Rhaenys. Kwa hesabu ya mzaliwa wa kwanza, haki ingemshukia huyo binti. Mfalme akamruka, akampa Baelon urithi. Naye Baelon akafa mwaka wa 101, babake bado yu hai. Ndipo mzee akaitisha Baraza Kuu kule Harrenhal, mabwana wa nchi nzima wachague. Mashindano yakabaki kati ya Laenor, mtoto mdogo wa Rhaenys, na Viserys, mwana wa Baelon. Wakamchagua Viserys. Wengi wakaelewa kwamba sheria imeshawekwa: kiti hakiendi kwa mwanamke, wala kwa mwanamume anayedai kupitia kwa mamake.

Sasa weka kidole kwa Viserys kwenye shajara, ukishushe. Mkewe wa kwanza, Aemma Arryn, anafariki mwaka wa 105 akijifungua, na mtoto wao aliyebaki ni msichana, Rhaenyra. Viserys anamtangaza kuwa mrithi na kuwaapisha mabwana. Yaani mfalme aliyekipata kiti kwa sababu wanawake walirukwa, ndiye anayetaka binti yake asirukwe. Kisha anaoa tena, anamwoa Alicent Hightower, na mwaka wa 107 anazaliwa mvulana, Aegon. Viserys habadilishi tamko lake, wala haitishi baraza lingine la kulihalalisha. Anaishi miaka mingi akidhani kiapo kinatosha. Alipokufa mwaka wa 129, kila upande ulikuwa na hoja ya kweli mkononi: Rhaenyra ana neno la mfalme na kiapo cha mabwana, na Aegon ana uamuzi wa Harrenhal. Alicent na wenzake wakaificha maiti hadi walipokuwa tayari, kisha wakamvika mwana taji.

Hili ndilo ninalolipenda katika kitabu hiki. Usaliti wake hautokani na watu kuwa wabaya tu. Unatokana na kanuni mbili za urithi ambazo ukoo uliziacha zikaishi nyumba moja. Yanayofuata ni malipo tu: Lucerys, mwana wa Rhaenyra, anauawa angani na Aemond, ndugu wa Aegon, wote wakiwa wamepanda majoka; kwa kisasi, mtoto mdogo wa Aegon anakatwa kichwa mbele ya mamake; mwisho Rhaenyra mwenyewe analiwa na joka la huyo Aegon, ndugu yake wa baba. Aegon naye anapewa sumu mwaka wa 131, na kiti kinaangukia kwa Aegon mwingine.

Hapo ndipo yule msomaji wangu alipozama. Rhaenyra alikuwa na mtoto wake aliyemwita Aegon vilevile, jina la ndugu yake wa baba, na Alicent alilichukulia kuwa tusi. Huyo mtoto ndiye Aegon wa Tatu. Anaozwa Jaehaera, binti wa Aegon wa Pili, yuleyule aliyemuua Rhaenyra, ili matawi mawili yaliyoumizana yafungwe pamoja. Ndoa hiyo ukiiona kwenye shajara safi, unaielewa mara moja: mistari miwili iliyoachana kwa watoto wa Viserys inakutana tena. Kwenye nakala yenye masizi unaona Aegon, Aegon, na doa.

Jaribio la dukani ni hili. Fungua mwisho wa kitabu, mtafute Jaehaerys I, kisha fuata mstari kwa ncha ya kidole hadi Aegon III. Mstari ukiingia kwenye gundi, rudisha. Ukishindwa kusoma namba ya baada ya jina, rudisha. Halafu fungua mchoro wowote wa ndani. Kwenye nakala iliyochapwa kutokana na kitabu kilichopigwa picha, kijivu chote hugeuka weusi mtupu, na joka linabaki kivuli.

Nambari mbili: The Lord of the Rings, ila iwe na viambatisho vyote

Watu hukishika kitabu cha Tolkien wakitafuta pete, na kiambatisho cha kwanza mwishoni mwa The Return of the King hawakigusi. Humo ndimo mlimo na ugomvi wa ukoo wa Gondor. Mfalme Eldacar alikuwa na mama wa watu wa kaskazini, jina lake Vidumavi, na baadhi ya jamaa walikataa kutawaliwa na mtu waliyeona damu yake imechanganyika. Castamir, jemadari wa meli, akampindua. Miaka kumi baadaye Eldacar akarudi akamuua, lakini wana wa Castamir wakatoroka na sehemu kubwa ya meli hadi Umbar, na bandari ile ikawa mwiba kwa Gondor vizazi na vizazi. Sisi watu wa bandari tunajua uzito wa kupoteza meli.

Baadaye Arvedui wa kaskazini alidai taji la Gondor kwa haki yake na ya mkewe Fíriel, binti wa mfalme aliyekufa vitani na wanawe. Alikumbusha sheria ya kale ya Númenor, nchi ya mababu zao, iliyompa kiti mtoto mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Baraza likamkatalia, likamchagua Eärnil. Ni swali lilelile la Rhaenys, limeandikwa miongo mingi kabla ya Martin.

Kasoro ya kuangalia: zipo chapa za zamani zisizo na viambatisho hivi. Ile ya jalada laini ya juzuu moja iliyotoka Uingereza mwaka 1968 iliacha viambatisho vyote isipokuwa kisa cha Aragorn na Arwen. Kwenye mafungu ya mitumba, hadithi ikiisha na kitabu nacho kikaisha, kiache hapo.

Nambari tatu: A Game of Thrones

Hiki cha Martin cha 1996 nakiweka hapa kwa sababu unaweza kuanza bila shajara, ila si bila orodha ya koo iliyo mwishoni. Na ni hadithi ambayo kitabu cha nasaba chenyewe ndicho kinachoua watu. Eddard Stark anasoma orodha ya koo aliyoiandika Malleon na kugundua kwamba kila Baratheon alipozaa na Lannister, mtoto alitoka na nywele nyeusi. Watoto wa malkia Cersei Lannister wote wana nywele za dhahabu. Basi si wa mfalme Robert Baratheon, na mrithi wa haki ni Stannis, nduguye. Anayeruka majina akisoma hataona kwa nini rangi ya nywele inampeleka mtu kukatwa kichwa.

Nambari nne: Assassin's Apprentice wa Robin Hobb

Nacho ni cha HarperVoyager. Ukoo ni mdogo, shajara huihitaji: Chivalry anajiuzulu urithi kwa sababu ya mtoto wa nje, Verity anashika nafasi yake, na Regal, mwana wa malkia wa pili, anangoja. Kwa aliyelelewa na visa vya Fumo Liyongo, mfalme anayemwogopa jamaa yake si mgeni.

Sasa niseme la moyoni. Wauzaji wetu wanatuonea. Kitabu kimefungwa nailoni, ukiomba kukifungua unaambiwa, "Dadangu, ukifungua umenunua." Unamwonyesha mwingine ukurasa wa nasaba uliochakaa, anajibu kwamba hadithi yote imo, hiyo ni karatasi ya mwisho tu. Na bei ni ileile ya halisi! Tangu 2013 vitabu vinatozwa VAT ya asilimia 16, hilo najua, na anayeagiza kutoka Nairobi anaongeza gharama ya kutumiwa kwa basi. Lakini anayeuza kopi iliyochapwa gizani asinitajie kodi. Aseme ni kopi, apunguze, aniache nifungue.

Kuhusu za bei nafuu sina mengi. Kopi za mtaani zinafaa kwa Hobb pekee. Nakala ya simu ni nzuri ikiwa shajara inakubali kuvutwa ikakua. Jaribu kwenye sampuli kwanza.

Na wewe wa Likoni, kama muuzaji amekataa kukubadilishia, chukua karatasi kubwa. Jaehaerys juu, Aemon kushoto, Baelon kulia. Chini ya Aemon andika Rhaenys kisha Laenor, chini ya Baelon andika Viserys. Ukifika kwa watoto wa Viserys, kila Aegon muandikie jina la mama pembeni: huyu wa Alicent, yule wa Rhaenyra. Kisha rudi ukaanzie kwenye Baraza la Harrenhal.