Bima kubwa kwa awamu: siku mbili zilivyonigharimu bampa na rejeta

Nauza mitumba Kiborloni, hapa Moshi. Gari ninalolisema ni RAV4 ya nyumbani, ya kupeleka watoto shule na kupanda nayo Marangu siku za misiba na ubarikio. Oktoba ya mwaka juzi nililikatia bima kubwa kwa thamani ya shilingi milioni 20. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada ilikuwa 700,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 826,000.

Dada wa wakala akaniambia, "Kaka, usijitese, lipa kidogo kidogo." Mpango wenyewe ulikuwa awamu 10, ya kwanza siku ya kukata bima, zinazofuata kila tarehe 5, na nyongeza ya asilimia 8. Kila awamu 89,208. Nikaona asilimia 8 si neno, ni 66,080 tu kwa mwaka mzima.

Baadaye nilikaa na kalamu. Ile 8 inapigwa kwenye 826,000 yote, pamoja na VAT, wakati deni langu linapungua kila mwezi. Siku ya kwanza nimeshatoa awamu moja, na kufika mwezi wa tano nimebaki nadaiwa nusu tu. Ukiihesabu kama mkopo, riba yake ni karibu asilimia 21 kwa mwaka. VICOBA yetu haitozi hivyo.

Lakini hiyo ningeisamehe. Kilichoniumiza ni Januari.

Anayefanya biashara Moshi anajua Desemba na Januari zilivyo. Desemba Wachaga wote wamerudi nyumbani, unauza mpaka unaishiwa mzigo. Januari mji umebaki na wenyewe, na shule zinataka ada. Tarehe 5 ikapita. Meseji ya kukumbusha ilikuja, nikasema nitalipa wiki ijayo. Mkataba ulinipa siku 14, yaani mpaka tarehe 19. Nilikuwa naikumbuka hiyo 14, ila kichwani mwangu niliielewa kwamba ukipita hapo unatozwa faini. Sivyo. Kifungu kilisema awamu isipolipwa ndani ya siku hizo, bima inasimama mpaka siku pesa itakapoingia.

Tarehe 21 jioni, barabara ya kwenda Himo, bodaboda akanikatia mbele bila taa. Nikamkwepa, nikaparamia nguzo. Yeye hakusimama hata kuangalia. Bampa, boneti, taa moja ya mbele na rejeta vikaenda. Fundi akazunguka gari mara mbili, akasema, "Mangi, hapa milioni moja na laki tatu na nusu."

Usiku ule nikaingia TIRA MIS, mtandao wa kuhakiki bima, kwa namba ya gari. Stika ilionekana hai, mpaka Oktoba. Nikalala vizuri. Kumbe stika ile ilikuwa inaonesha bima iliyosajiliwa, na kompyuta ya kampuni ndiyo iliyokuwa inajua kama awamu imelipwa. Tarehe 23 nikalipa awamu na kupeleka dai kwa pamoja, nikidhani nimefunga pengo. Jibu likaja: ajali imetokea bima ikiwa imesimama, malipo ya tarehe 23 hayarudi nyuma. Juu ya hapo walitaka kulikagua gari kwa picha kabla ya kuirudisha bima, na uharibifu uliokuwepo wakauandika kuwa haumo.

Jamaa mmoja sokoni alinishauri niseme ajali ilikuwa tarehe 24. Ripoti ya trafiki ina tarehe, na uongo kwenye dai unaweza kuua mkataba mzima. Nikamwambia aendelee kukunja nguo.

Cha kushangaza, mwisho wa bima haukusogea. Nimelipa awamu ya Januari kamili, na siku zile bila bima zimekwenda na maji. Halafu hata dai lingekubaliwa, mkataba ulisema awamu zote zilizobaki zinakatwa kwenye fidia. Kwangu zingekuwa sita, 535,248, kabla hawajagusa sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe. Hilo nililisoma nikiwa nimeshakaa gereji.

Huduma yao kwa ujumla siilaumu: wakala alipokea simu zote, na majibu yalikuja kwa maandishi, yakitaja namba ya kifungu. Nawapa nyota tatu. Mbili nimezishika kwa sababu neno "inasimama" lilikuwa ukurasa wa nne, na meseji ya ukumbusho ilisema tu "tafadhali lipa awamu yako".

Oktoba iliyofuata nilichukua mkopo VICOBA, nikalipa mwaka kwa mkupuo. Kabla ya kutoa pesa nikamuuliza yule dada nikiliuza gari katikati ya mwaka narudishiwa nini. Akasema hawagawi kwa siku, wana jedwali lao la muda mfupi, na miezi ya mwanzo ndiyo inayokatwa zaidi. Nikamwomba jedwali. Safari hii nililisoma palepale kwenye benchi, yeye akinisubiri na risiti mkononi.