Mashine ya kupima sukari ya mama: kabla hujailaumu angalia mikono kwanza

Nimeitumia kwa mama muda wa kutosha sasa ngoja niseme yangu. Ni zile ndogo za kutoboa kidole, unachomeka stripu inawaka, unagusisha damu, sekunde chache namba inatokea kwa mmol/L. Naipa nyota nne, hiyo moja nimekata kwa ajili ya stripu maana mashine unanunua mara moja ila stripu ndo zinakula hela kila mwezi, na ukichukua za kampuni nyingine haziingiliani. Ila wale wanaosema hizi mashine zinadanganya, mi nawabishia, mara nyingi mashine imepima kilekile ilichopewa.

Mfano mama yuko Mpunguzi, msimu wa zabibu anaamka mapema kuchambua zabibu za wateja kabla jua halijawa kali. Asubuhi moja hajala chochote tangu usiku, akajifuta mikono kwenye kanga, akapitisha pamba yenye spiriti kidoleni, akapima, 15.2! Kaka yangu ashaanza kusema aongezewe kidonge. Nikamuuliza mama una kiu? unakojoa sana? hamna, yuko mzima kabisa na jana yake alikuwa na 6 na kitu. Nikamwambia mama hebu nawa kwanza kwa maji na sabuni, ukaushe vizuri, tutoboe mkono mwingine. Ikaja 6.8. Sasa fikiria angemeza kidonge cha ziada kwa ile 15, sukari ingeshuka tukaanza kutafutana.

Yaani ukipiga hesabu unaelewa. Tone linalonyonywa na stripu ni dogo mno, nyingi zinataka mikrolita moja au hata nusu. Kwenye mikrolita moja ya damu yenye sukari ya 6 kuna glukosi kama mikrogramu moja tu, yaani ukigawa miligramu moja mara elfu ni kale kamoja. Kwa hiyo juisi ya zabibu iliyokauka kwenye ngozi ikiongeza kiasi hichohicho, jicho halioni kitu, ila 6 inasomeka 12. Embe, chungwa, soda, mambo ni yaleyale. Na spiriti haisaidii hapo kwa sababu inaua wadudu ila sukari haiyeyuki vizuri kwenye spiriti, unaisambaza tu kidoleni. Maji ndo dawa. Kama uko safarini huna maji na hujashika kitu chochote kitamu, futa tone la kwanza kwa pamba kavu upime la pili, ila kwa mkono wa zabibu usijidanganye na hiyo, tafuta maji.

Afu kukausha nako watu wanaruka, kidole kikiwa na majimaji damu inachujuka na namba inashuka. Kukamua kwa nguvu kunaleta shida kama hiyo maana unatoa na maji ya kwenye nyama. Asubuhi za Juni na Julai huku Dodoma vidole vinakuwa baridi damu haitoki, mama ananawa maji ya uvuguvugu, ananing'iniza mkono chini kidogo, anatoboa pembeni ya kidole sio katikati (pembeni hapaumi sana) na kisindano kipya. Ukingo wa stripu uguse tone linyonye lenyewe, usipake juu.

Stripu zikae kwenye kichupa chake, kile kina dawa ya kufyonza unyevu, unatoa moja unafunga hapohapo. Mtu akikuuzia za kuhesabu kwenye kikaratasi usinunue, zishapigwa hewa na hujui zinaisha lini. Kichupa kingi kimeandikwa mwisho nyuzi 30, sasa Oktoba Novemba chini ya bati bila dari hiyo inapitwa mapema tu, sembuse kwenye gari lililoegeshwa juani. Za mama zinakaa chumba chenye kivuli, mbali na jiko, na sio kwenye friji. Andika tarehe uliyofungua maana zingine zinadumu miezi mitatu tu baada ya hapo, kasome karatasi yake. Ukizishuku, kuna maji ya kontroo, unaweka badala ya damu, namba ikitoka nje ya kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa unazitupa.

Ila msitegemee ifanane na maabara kwa nukta. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu ipishane mpaka asilimia 15, kwa hiyo 10 ya maabara kusoma 8.7 au 11.2 sio ubovu. Mwenye upungufu wa damu inaweza kusoma juu kuliko ukweli, huyo awaambie kliniki. Na kama mtu anatetemeka, jasho jingi, haeleweki anachoongea halafu mashine inasema iko sawa, usibishane na mashine, mpe kitu chenye sukari kama anaweza kumeza na mumwahishe hospitali.